Changu aondoke, pweza akae: kubadili chakula kwenye picha ya menyu bila kuigusa sahani

Mama mmoja mwenye mgahawa pale Shangani, Mtwara, alikuwa na picha ya jalada la menyu aliyoipenda kuliko zote. Meza ya mbao imetandikwa kitambaa cheupe, glasi ya juisi ya ukwaju iko kulia, nyuma kushoto kunaonekana maji ya ghuba yakimeta, na nyuma kulia kuna mlango mweusi wa mninga. Katikati ni sahani nyeupe yenye wali na changu wa kukaanga. Tatizo ni kwamba siku hizi watu wanamfuata kwa pweza wa nazi, na yule changu alishamwondoa kwenye orodha. Mpiga picha wa awali amehama, ile meza imeuzwa. Akaniambia, "Mwanangu, niondolee changu, niwekee pweza. Vingine vyote viache."

Nilimfanyia mara mbili. Ya kwanza aliiangalia kidogo tu akasema, "Huyu pweza kaelea." Alikuwa sahihi, na nilimwona anaelea hata kabla sijajua kwa nini. Mwongozo huu unafuata kazi ile ya pili, iliyokubaliwa. Nimetumia GIMP kwa sababu ni ya bure na inakwenda hata kwenye kompyuta ya steshenari; majina ya amri nayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini. Anayetumia programu nyingine atakuta vitu vilevile.

Kanuni niliyoishikilia ni moja: badilisha chakula, sahani iache. Sahani ya zamani tayari imekaa kwenye kitambaa na kivuli chake, imeakisi glasi, imepokea mwanga wa ghuba. Ukiiondoa na yenyewe, unajipa kazi ya kuikalisha upya juu ya meza. Ukiiacha, mpaka unaopaswa kuushughulikia ni mmoja tu, ule wa mchuzi na sahani.

Pima sahani kabla hujapika

Sahani ya duara ikipigwa picha kutoka juu kabisa huonekana duara. Ukiteremsha kamera inakuwa yai, na kadiri unavyozidi kuteremka ndivyo yai linavyobanwa. Kwa hiyo umbo la sahani ndilo linalokuambia kamera ilikuwa juu kiasi gani.

Fungua picha ya zamani kwenye GIMP, chukua Ellipse Select (herufi E), uizungushe kwenye ukingo wa nje wa sahani mpaka ilingane. Kwenye Tool Options soma Size. Kwangu ilisoma upana 1480 na kimo 1036. Gawanya kimo kwa upana: 1036 ÷ 1480 = 0.70. Namba hiyo ndiyo sine ya pembe ya kamera kutoka usawa wa meza, nayo inatoa kama nyuzi 44. Huhitaji hesabu zaidi ya hapo. Kinachotakiwa ni kwamba sahani utakayopiga leo nayo ikitoka, igawanyike kuwa 0.70 au karibu sana na hapo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Pweza wa kwanza nilimpiga nikiwa nimesimama, sahani ikatoka 1600 kwa 1312, yaani 0.82. Nikajiambia nitaibana kwa Scale mpaka iwe 0.70. Sahani ikakubali, chakula kikakataa. Sababu ni kwamba kamera ikiwa chini zaidi, unaona ubavu wa mlima wa wali mwingi zaidi na juu yake kidogo. Nilipoibana picha nilifanya kinyume: wali ukapungua kimo wakati ulipaswa kuongezeka. Jicho la mama halikujua sine, lakini lilijua kwamba anautazama wali kutoka juu na sahani kutoka mbele. Huko ndiko kuelea. Tofauti ya 0.02 au 0.03 unaweza kuibana bila mtu kugundua, hasa kwa chakula kilicholala. Ikizidi hapo, rudia kupiga.

Kupakua na kupiga picha mpya

Tumia sahani nyeupe ya duara, hata kama si ileile. Weupe wake utakuwa na kazi kubwa baadaye. Kwenye picha ya zamani angalia chakula kilifunika eneo gani la sahani, kisha pakua kipya kifunike eneo hilo na kupita kidogo. Kila mahali ambapo pweza hatamfunika changu itabidi uchore sahani kwa mkono, na sahani tupu ni ngumu kuchora kuliko inavyodhaniwa.

Usichukue hili kama ruhusa ya kujaza. Mama alitaka minyiri sita kwenye picha wakati mteja hupewa mitatu. Nilimpakulia mitatu, tukaipanga kwa kuikunja ili ifunike eneo. Mteja akiletewa sahani ataishika menyu mkono mwingine, na hapo hakuna programu itakayomsaidia mama.

Weka kijiko kilekile, au cha saizi ileile, kando ya sahani wakati wa kupiga. Kitakuambia kama ukubwa wa pweza kwenye picha mpya unaendana na kijiko kilichopo kwenye ya zamani.

Mwanga sasa. Kwenye picha ya zamani tafuta vitu viwili: kivuli cha glasi kimelala upande gani, na doa jeupe la kung'aa liko wapi kwenye tumbo la glasi au kijiko. Kwangu kivuli kilikuja mbele kulia na doa lilikuwa juu kushoto, kwa hiyo mwanga ulitoka nyuma kushoto. Maelezo ya faili yakaonyesha picha ilipigwa saa tatu asubuhi. Nikaweka meza ndogo karibu na dirisha, dirisha likiwa nyuma kushoto, nikapiga muda uleule. Mwanga wa mchana haufai kwa kazi hii: huku kwetu kusini, kuanzia mwisho wa Oktoba jua la saa sita linakuwa karibu juu ya utosi, na vivuli vinajificha chini ya chakula.

Ukikosa dirisha la upande unaotakiwa, piga na la upande mwingine kisha geuza picha ya chakula kushoto-kulia. Mwanga, vivuli na madoa ya kung'aa vitageuka pamoja, na pweza hana upande wa kulia.

Simama mbali kiasi cha mita moja au zaidi na utumie zuumu ya mara mbili ya simu. Ukiikaribia sahani na lenzi pana, minyiri ya mbele inavimba. Zima taa ya simu. Na piga chakula kikiwa kimetoka jikoni sasa hivi, kwa sababu tui la nazi likipoa juu linaweka ngozi, na ngozi haing'ai kama mchuzi.

Mara ya pili sahani ilitoka 1620 kwa 1150, yaani 0.71. Nikaingiza picha kwa File > Open as Layers na kuipunguza kwa Scale (Shift+S) hadi asilimia 91.4, maana 1480 ÷ 1620 ni hiyo. Ni vizuri picha mpya iwe kubwa kuliko ya zamani ili uipunguze. Ukiikuza, chakula kitakuwa na ukungu katikati ya meza iliyo kali.

Linganisha weupe kwa weupe

Usilinganishe rangi kwa kumtazama pweza. Pweza na changu hawafanani, jicho halina pa kushika. Kitu pekee kilichomo kwenye picha zote mbili ni sahani nyeupe, basi pima hiyo.

Chukua Color Picker (herufi O), washa Sample average ili isome eneo na si nukta moja. Soma sehemu mbili za sahani kwenye kila picha: upande unaopokea mwanga na upande wa kivuli. Kaa mbali na mchuzi, kwa sababu manjano hupaka weupe ulio jirani na utapima manjano ukidhani unapima dirisha. Namba zangu:

```
             zamani           mpya
mwangani     238 231 219      224 229 233
kivulini     171 163 153      149 157 166
```

Namba tatu ni nyekundu, kijani na buluu. Ya zamani nyekundu inazidi buluu, maana yake mwanga ni wa joto, wa jua la asubuhi. Ya mpya buluu inazidi, mwanga wa anga uliopitia dirishani. Pia kivuli cha mpya ni kizito zaidi. Bila kusahihisha, pweza angeonekana amekaa kwenye friji.

Ukiwa kwenye tabaka la pweza, fungua Colors > Curves. Chagua Channel: Red, weka nukta moja inayopeleka 224 kwenda 238 na nyingine inayopeleka 149 kwenda 171. Green: 229 kwenda 231, na 157 kwenda 163. Blue: 233 kwenda 219, na 166 kwenda 153. Ncha ya chini kabisa, ile ya 0, usiiguse. Ukimaliza pima tena sahani ya juu. Ikiwa imekaribia ya chini kwa tofauti ya namba tatu au nne, imetosha. Pweza atakuwa amegeuka mwenyewe kuwa wekundu wa kahawia wa asubuhi ile, nawe hujamgusa.

Ukingo wa mchuzi

Hapa ndipo kazi nyingi za menyu zinapoharibika. Mtu anakata chakula kwa ukingo mkali kama mkasi, anakibandika, na mchuzi unaonekana kipande cha karatasi. Ukiutazama mchuzi wa nazi kwenye sahani halisi, mwisho wake hauna mstari. Unakuwa mwembamba, sahani inaonekana kupitia kwake, rangi inafifia kutoka manjano iliyoiva hadi krimu, kisha upande ulio mbali na dirisha kuna kiuzi chembamba cha kivuli. Vitu hivyo vyote unavyo tayari kwenye picha mpya, vimelala juu ya sahani nyeupe. Kazi yako ni kuvihamisha bila kuihamisha ile sahani.

Njia yake ni matabaka mawili ya pweza yuleyule. Baada ya kurekebisha rangi, nenda Layer > Duplicate Layer. La juu liite `pweza`, la chini liite `ukingo`.

Tabaka la `ukingo` liweke Mode: Multiply. Hali hii inazidisha rangi ya juu na ya chini, na palipo na nyeupe kamili ya 255 hapabadiliki kitu. Kwa hiyo ukiifanya sahani mpya iwe nyeupe kamili, itapotea yenyewe na kuacha mchuzi mwembamba na kivuli vikiwa vimepakwa juu ya sahani ya zamani. Fungua Colors > Levels, chukua dropa nyeupe, bofya sahani mpya nje kidogo tu ya kivuli cha chakula, upande wa kivulini. Ukibofya upande wa mwangani, ule wa kivulini utabaki kijivu na sahani ya zamani itatiwa kivuli mara mbili. Utaona doa chafu kama kidole cha mpishi. Kisha ongeza Layer Mask, pazia linaloficha tabaka palipo peusi na kulionyesha palipo peupe. Chagua ya Black (full transparency), na kwa brashi nyeupe laini funua chakula pamoja na pikseli 40 hivi kukizunguka.

Tabaka la `pweza` libaki Normal. Nalo lipe Layer Mask nyeusi, ufunue kwa brashi nyeupe, ila safari hii kaa ndani ya chakula: simama pikseli 10 hadi 15 kabla mchuzi haujaanza kufifia. Minyiri inayotokeza juu ya mchuzi ifuate kwa brashi ndogo na kali, maana ukingo wa mnyiri ni mkali kweli, na vile vikombe vya kunatia vikipata ukungu vinakuwa kama shanga zilizoyeyuka. Wali brashi iwe katikati ya hizo mbili, na chembe mbili tatu za pembeni ziache ziruke nje ya mstari.

Kabla ya hayo yote, changu lazima awe ameondoka chini, kwa sababu Multiply inaonyesha kilicho chini yake. Kwenye tabaka la picha ya zamani, tumia Heal (herufi H), ukichukua sahani safi kwa Ctrl na kubofya, ufute mzunguko wa nje wa chakula cha zamani. Katikati usihangaike, patafunikwa. Heal inapokaribia ukingo wa changu huwa inavuta rangi yake na kuacha vumbi la kahawia. Hapo hamia Clone (herufi C) kwanza, Heal baadaye.

Namna ya kujua kama ukingo umekaa ni kuzima na kuwasha tabaka la `ukingo` ukiwa umekuza picha hadi 200%. Likizimwa, pweza anatakiwa aelee. Likiwashwa, atue. Kama huoni tofauti, dropa ulibofya pabaya na umefuta hata kivuli.

Kisha madoa ya kung'aa. Mchuzi ni kioo cha dirisha. Doa la kung'aa kwenye mchuzi liwe upande uleule na lile la glasi. Nilikuwa na doa moja kubwa mbele kulia lililotoka kwenye ukuta mweupe wa jikoni. Nililifuta kwa Heal. Madoa usiyaongeze kwa brashi nyeupe. Mchuzi uliopakwa madoa unaonekana plastiki.

Mvuke

Mvuke unaoonekana ni matone madogo ya maji, hewa ya moto ya chakula ikikutana na hewa iliyopoa zaidi. Pwani yetu ina joto, kwa hiyo mvuke wa sahani huku ni mfupi na unapotea haraka. Ule unaopanda hadi dari ni wa Makambako mwezi wa saba. Kwenye picha yangu niliupa kimo kisichozidi nusu ya upana wa sahani.

Tena mvuke huonekana vizuri pale mwanga unapotoka nyuma yake na nyuma hiyo ikiwa na kitu cheusi. Mbele ya ghuba inayometa hauonekani. Mbele ya mlango wa mninga unaonekana. Kwa hiyo weka mvuke nusu ya kulia ya sahani, ule wa kushoto uuache upotelee kwenye maji.

Nilitundika baibui jeusi mlangoni, nikaweka sufuria ya maji yanayochemka mbele yake, nje ya fremu, dirisha likiwa nyuma kushoto kama awali. Simu haiwezi kushika fokasi kwenye mvuke, kwa hiyo shika kijiko mahali utakapopita, bonyeza skrini hadi fokasi ijifunge, ondoa kijiko, punguza mwangaza kidogo, kisha piga mfululizo picha 20 au 30. Chagua ile yenye uzi mmoja au miwili. Wingu zito linafaa mchemsho wa ng'ombe.

Iingize juu ya matabaka yote, Mode: Screen. Screen inatupa nyeusi na kubakiza mwanga. Baibui haliwi jeusi kabisa kwenye picha, basi kwa Colors > Levels sukuma pembetatu nyeusi kulia mpaka mstatili wa picha uliokuwa ukionekana kama ukungu upotee. Punguza Opacity hadi kama 40. Punguza buluu kidogo kwenye Curves, kwa sababu mvuke hubeba rangi ya mwanga unaoupitia. Kwa Layer Mask futa chini mpaka mvuke uanzie kwenye mchuzi na wali, kamwe usianzie kwenye ukingo wa sahani, ambao ni baridi. Na tazama upepo: kitambaa cha meza kwenye picha ile kilikuwa kimeinuka pembe ya kulia, hivyo mvuke nao nikaulaza kulia.

Vitu vidogo vilivyonisaliti

Kazi ilipokwisha, nikagundua changu bado yupo. Alikuwa amejificha kwenye mgongo wa kijiko, amepindika, na rangi yake ya kahawia ilikuwa chini ya glasi ya ukwaju. Kijiko nilikipa kipande kidogo cha tabaka la pweza, kimegeuzwa juu-chini, kikatiwa Gaussian Blur, Opacity 50. Glasi nikaipunguzia kahawia tu.

Nyuma ya sahani, picha ya zamani ilikuwa na ukungu wa lenzi. Simu yangu ilikuwa kali kila mahali. Nikanakili tabaka la `pweza`, nikaipa nakala hiyo Gaussian Blur ya pikseli 2.5, kisha kwa brashi nyeusi kwenye Layer Mask nikaficha sehemu yake ya mbele. Na kwa kuwa simu husafisha chembechembe zote za picha, niliongeza kidogo Filters > Noise > RGB Noise mpaka wali ufanane na kitambaa kilichokuwa kando yake.

Hifadhi faili la `.xcf` lenye matabaka yote, kisha toa nakala ya kuchapa kwa File > Export As. Usipeleke kazi nzima kiwandani moja kwa moja. Chapa ukurasa mmoja kwenye karatasi ileile na uupige laminesheni. Karatasi inameza mwanga: mvuke wangu wa 40 uliokuwa mzuri kwenye skrini ulipotea kabisa, nikaupandisha hadi 55. Mama alishika ukurasa ule wa majaribio, akauinamisha dirishani, akauliza pweza yule tulimnunua siku gani.